Barua ya Rufaa ya Mkimbizi: Namna ya Kuiandika Baada ya Ombi Kukataliwa

Mtu aliyeomba hadhi ya ukimbizi nchini Kenya na ombi lake likakataliwa ana siku 30 za kukata rufaa, kuanzia siku aliyopokea uamuzi. Siku hizo huisha haraka. Wengi huzimaliza wakitafuta nauli, wakiuliza nani anajua kuandika, au wakingoja dalali aliyewaahidi kwamba "anajua mtu ofisini".

Tunaliandika hapa kwa sababu kazi hii huwafikia wakazi wa kaunti. Tangu miaka ya 1970, Waganda walipomkimbia Idi Amin, watu wanaokimbia vita wamekuwa wakivuka mpaka wa Busia na Malaba, na baadhi yao husimama Kisumu. Leo kuna majirani kutoka Kongo, Sudan Kusini, Burundi na kwingineko wanaoshona nguo, wanaouza samaki au wanaofanya vibarua mitaani kwetu. Anapopata barua ya kukataliwa, jirani huyo hugonga kwanza kwa mwalimu, mzee wa kanisa, imamu, au mpangaji mwenzake anayeandika vizuri. Makala haya ni kwa yule mwenye barua na pia kwa yule anayegongewa mlango.

Jambo moja lieleweke mapema. Serikali ya kaunti haitoi wala hainyimi hadhi ya ukimbizi. Hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi inayoongozwa na Kamishna wa Wakimbizi. Chifu, msimamizi wa wadi au diwani hawezi kubadilisha uamuzi huo. Anayeweza kuupitia upya ni Kamati ya Rufaa za Hadhi ya Mkimbizi, na baada yake Mahakama Kuu.

Kwanza, soma kilichokataliwa

Kosa la kwanza hufanyika kabla kalamu haijashikwa. Mtu huandika barua ndefu ya kulalamika bila kujua ni kwa nini alikataliwa. Kamati haingoji kusikia kwamba maisha ni magumu, hilo inalijua. Inataka kujua ni wapi uamuzi wa kwanza ulikosea.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa hiyo chukua barua ya uamuzi, usome sababu moja moja, uzipe nambari. Kama sababu hazikuandikwa, au zimeandikwa kwa maneno mawili tu, ziombe kwa maandishi siku hiyohiyo. Omba pia kuona maandishi ya mahojiano, lakini usiache siku 30 zipite ukingoja majibu. Pembeni mwa barua ya uamuzi andika tarehe uliyoipokea mkononi.

Sababu nyingi za kukataliwa huangukia mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kwamba afisa hakuamini maelezo, kwa kuwa tarehe hazikulingana, idadi ya watoto ilibadilika, au jambo lililotajwa kwenye fomu halikutajwa kwenye mahojiano. Fungu la pili ni kwamba afisa aliamini lakini akaona maelezo hayo hayatoshi kisheria. Mafungu haya hujibiwa kwa njia tofauti. La kwanza hujibiwa kwa kueleza ni kwa nini maneno yalitofautiana. La pili hujibiwa kwa kuonyesha ni sehemu gani ya sheria inayomhusu mwombaji.

Sheria yetu ina milango miwili. Mlango wa kwanza unatokana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, na unamhusu mtu mwenye hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi, dini, uraia, kundi la kijamii alimo, au msimamo wake wa kisiasa. Mlango wa pili unatokana na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, na unamhusu mtu aliyelazimika kuondoka makwao kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, kukaliwa na wageni, au matukio yaliyovuruga sana utulivu wa umma katika sehemu yoyote ya nchi yake au nchi nzima. Watu wengi waliokimbia vita huandika kuhusu mlango wa kwanza tu, na huhangaika kuthibitisha kwamba wao binafsi ndio waliotafutwa, hali mlango wa pili hauulizi hivyo.

Kwa nini maneno hutofautiana

Anayesema kweli pia anaweza kutoa maelezo mawili yasiyolingana. Sababu ni za kawaida, na afisa wa rufaa anazijua akielezwa vizuri.

Ya kwanza ni swali lenye maana mbili. Kwenye fomu mtu huulizwa, "Ulikuja lini?" Yeye hutaja mwezi alioingia Kenya. Miezi kadhaa baadaye, kwenye mahojiano, huulizwa alikimbia nyumbani lini, naye hutaja mwezi mwingine. Majibu yote mawili ni ya kweli, lakini yakiwekwa sambamba kwenye faili yanaonekana kama uongo.

Ya pili ni lugha. Mkongo wa Kivu anazungumza Kiswahili, nasi tunazungumza Kiswahili, na kwa sababu hiyo mara nyingi hakuna anayefikiria mkalimani. Lakini kwao "munganga" ni daktari wa hospitali, na kwetu mganga ni wa miti shamba. Aliyesema alitibiwa vidonda na munganga anaweza kuandikwa kwamba alikwenda kwa mganga wa kienyeji, kisha akaulizwa mbona ana cheti cha hospitali.

Ya tatu ni ukoo. Kwetu sote huku, mtoto wa dada aliyefariki ni mtoto wako. Ukiulizwa una watoto wangapi unamhesabu, na ukiulizwa umezaa mara ngapi humhesabu.

Ya nne ni kumbukumbu yenyewe. Aliyeona mauaji anaweza kukumbuka rangi ya shati la muuaji na asikumbuke ilikuwa siku gani ya juma. Tiba ya hilo ni kutobuni tarehe. Iliyo salama zaidi ni ile inayofungwa kwenye tukio linalojulikana: "wiki moja baada ya mji wetu kutekwa", "shule zilipokuwa zimefungwa", "kabla ya Krismasi". Afisa anaweza kulihakiki tukio hilo mwenyewe.

Mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ambao hutumika duniani kote katika kazi hii, unasema kwamba kauli isiyo ya kweli peke yake si sababu ya kumnyima mtu ukimbizi. Afisa anapaswa kuipima pamoja na hali yote ya mwombaji. Lakini hakuna anayeweza kuipima hali ambayo haikuandikwa.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeishi Manyatta. Mama huyu tumemtunga ili kufundishia, lakini miji na matukio makuu ya vita yanayotajwa ni ya kweli. Ametoka Kiwanja, katika eneo la Rutshuru, Kivu Kaskazini. Waasi wa M23 waliingia Kiwanja na mji wa Rutshuru mwishoni mwa Oktoba 2022. Alipokea barua ya kukataliwa tarehe 4 Agosti 2025. Akihesabu siku 30, mwisho wake ni tarehe 3 Septemba.

Barua ya uamuzi ina sababu tatu. Moja, fomu ya usajili inasema aliondoka Desemba 2022, na kwenye mahojiano alisema Novemba. Mbili, fomu inasema ana watoto watatu, na kwenye mahojiano alisema amezaa wawili. Tatu, hata maelezo yakiwa kweli, anaweza kwenda kuishi Kinshasa.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kurasa tisa. Ilianza na utoto wake, ikaeleza historia ya vita vya Kongo tangu 1996, ikamlaumu afisa aliyemhoji, na kifo cha mume kikatajwa kwenye ukurasa wa saba. Mbaya zaidi, mtu fulani alimshauri aongeze kwamba yeye mwenyewe alipigwa risasi ili "iwe na nguvu". Jambo hilo halikuwa limetajwa popote hapo kabla na halikutokea. Lingebaki, lingekuwa tofauti ya nne kwenye faili, na safari hii lisingekuwa na maelezo ya kweli.

Rasimu ya mwisho ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Ni hii:

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Rufaa za Hadhi ya Mkimbizi.
20 Agosti 2025

KUH: RUFAA DHIDI YA UAMUZI WA KUKATALIWA HADHI YA UKIMBIZI
Nambari ya faili: [nambari]. Uamuzi niliupokea tarehe 4 Agosti 2025.

1. Mimi ni raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mzaliwa wa Kiwanja, Rutshuru. Ninaomba Kamati iupitie upya uamuzi uliotajwa hapo juu. Ninaishi Manyatta, Kisumu, pamoja na watoto watatu ninaowalea.

Maelezo yangu

2. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kiwanja. Mimi niliuza nguo sokoni.

3. Mji wetu ulitekwa mwishoni mwa Oktoba 2022. Yapata wiki moja baadaye, usiku, watu wenye silaha waliingia nyumbani. Walimwambia mume wangu kwamba aliwapeleka vijana wa shule kusaidia jeshi la serikali. Walimchukua. Sikuwajua wala sikuona alama za kundi lao. Sijamwona mume wangu tena.

4. Siku mbili baadaye jirani aliniambia kwamba watu hao wamerudi wakiniuliza. Mimi sikuwepo nyumbani na sikuwaona. Asubuhi iliyofuata niliondoka na watoto hadi Ishasha, tukavuka kuingia Uganda. Hiyo ilikuwa katikati ya Novemba 2022 au kabla kidogo.

5. Tulikaa Kampala kwa wifi yangu karibu mwezi mmoja. Sikuomba ukimbizi Uganda na sikusajiliwa huko. Wifi yangu alikuwa na chumba kimoja na hakuweza kutuweka zaidi. Binamu yangu alikuwa Kisumu akakubali kutupokea. Tuliingia Kenya kupitia Busia mwezi Desemba 2022, kabla ya Krismasi.

Majibu kwa sababu za uamuzi

6. Kuhusu tarehe. Siku ya usajili niliulizwa "ulikuja lini", nikajibu Desemba, kwa kuwa ndio mwezi nilioingia Kenya. Kwenye mahojiano niliulizwa nilikimbia lini nyumbani, nikajibu Novemba. Tarehe zote mbili ni sahihi, na kati yake nilikuwa Kampala.

7. Kuhusu watoto. Nimezaa watoto wawili. Wa tatu ni binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu akiwa mchanga. Kwenye usajili nilihesabu wote ninaowalea. Kwenye mahojiano niliulizwa nimezaa wangapi.

8. Kuhusu Kinshasa. Sijawahi kufika Kinshasa, sina ndugu huko na sijui Kilingala. Lugha yangu ya nyumbani ni Kinyabwisha, na watu wanaoizungumza hushukiwa huko kuwa upande wa waasi. Ninalea watoto watatu peke yangu.

9. Ninaiomba Kamati pia izingatie kwamba sheria inamlinda mtu aliyelazimika kuondoka kwa sababu ya matukio yaliyovuruga sana utulivu wa umma katika sehemu yoyote ya nchi yake. Kiwanja ilitekwa kwa vita na hadi leo haijarudi chini ya serikali. Uamuzi haukueleza kama jambo hili lilizingatiwa.

Ninaambatisha

10. (a) Nakala ya barua ya uamuzi. (b) Nakala ya kadi yangu ya mpiga kura ya Kongo. (c) Nakala ya cheti cha ualimu cha mume wangu. (d) Barua ya jirani yangu wa Kisumu kuhusu siku tuliyofika.

11. Ninaomba uamuzi ubatilishwe na nitambuliwe kuwa mkimbizi pamoja na watoto. Nikihitajika kuhojiwa tena, naomba mkalimani wa Kinyabwisha.

Niliyoyaandika ni ya kweli kadiri ninavyojua.

[Jina, sahihi au alama ya kidole gumba, nambari ya simu]

Kilichoifanya barua hii isimame

Tazama kwanza aya ya pili hadi ya tano. Ni maelezo mafupi, na yamefuata mwendo wa wakati: nyumbani, tukio, kukimbia, njiani, kufika. Msomaji hahitaji kurudi nyuma kutafuta nini kilitangulia. Hakuna tarehe ya siku moja kamili mahali ambapo mama mwenyewe hana uhakika. Na maelezo hayo yanalingana na yale yaliyo kwenye fomu na kwenye mahojiano, yakiwekwa pamoja. Hiyo ndiyo maana ya maelezo yanayolingana. Hayalazimiki kurudia maneno yaleyale, ila hayapaswi kupingana.

Pili, ametenganisha alichoona na alichoambiwa. Hakusema ni kundi gani lililomchukua mume wake, kwa sababu hakujua. Hakudai kwamba aliwaona waliorudi kumtafuta. Mtu akisoma rasimu kama hii anaweza kuona inapungukiwa, akatamani kujaza mapengo. Asijaze. Afisa anayehoji atauliza, "Ulijuaje?" na jibu la kweli tayari limo ndani ya barua.

Tatu, ameijibu habari ya Uganda kabla hajaulizwa. Karibu kila anayefika Kisumu kutoka Kongo amepita Uganda, na kamati itataka kujua kama alisajiliwa huko na kwa nini aliondoka. Jibu lake si la kishujaa: chumba kimoja hakikutosha na binamu alikuwa Kisumu. Lakini ni jibu linaloaminika. Aliyesajiliwa Uganda aseme alisajiliwa na aeleze kwa nini aliondoka. Kulificha ni hatari, kwa maana alama za vidole zilizochukuliwa kule hazifutiki kwa kunyamaza.

Nne, kila sababu ya kukataliwa ina aya yake, kwa mpangilio uleule wa barua ya uamuzi. Hakumtukana afisa wala mkalimani. Alisema swali lilivyoulizwa na jinsi alivyolielewa.

Na ikiwa kuna jambo la kweli ambalo halikusemwa mwanzoni? Hutokea, hasa kwa waliobakwa, ambao hawakuweza kulitamka mbele ya afisa wa kiume au mbele ya watoto wao. Jambo hilo liandikwe kwenye rufaa, pamoja na sababu ya kutolitaja mapema. Ikiwa kuna karatasi ya hospitali au ya mshauri, iambatishwe. Anaweza pia kuomba ahojiwe na mwanamke. Jambo jipya lisilo na maelezo ya ukimya wa kwanza hutiliwa shaka hata likiwa kweli.

Jirani anaweza kufanya nini

Anayesaidia kuandika ni mwandishi tu; maelezo si yake. Msikilize mwenye barua hadi mwisho bila kushika kalamu. Kisha mwombe arudie, na hapo ndipo uandike kwa maneno yake. Ukimaliza msomee kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, kabla hajatia sahihi. Ukiona tarehe mbili zinapingana, usichague iliyo nzuri, muulize ilikuwaje. Mara nyingi jibu lake ndilo litakalokuwa aya ya sita ya barua yake.

Ukiombwa kuandika barua ya ushahidi, andika uliyoyaona wewe. Mkazi wa Manyatta anaweza kusema, "Alifika kwa binamu yake, mpangaji mwenzangu, Desemba 2022, akiwa na watoto watatu na mfuko mmoja." Hawezi kusema lolote kuhusu usiku wa Kiwanja, na akijaribu, barua yake itaharibu ile anayotaka kuitegemeza. Hali kadhalika barua ya chifu: inathibitisha kwamba mtu anaishi mahali fulani, si kwamba ni mkimbizi.

Tunza siri. Barua ya rufaa ina majina, makabila na sababu ambazo zinaweza kumfikia anayemtafuta mwenye barua. Usiipige picha na kuituma kwenye kundi la Watsapu hata kama unatafuta msaada. Isipigwe chapa kwenye duka la mtandao na faili kuachwa kwenye kompyuta; ifute kabla ya kuondoka.

Usaidizi wa kisheria upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa bila malipo. Kituo Cha Sheria na Muungano wa Wakimbizi Kenya, unaojulikana kama RCK, wamefanya kazi hii kwa miaka mingi na wana mawakili wanaoijua. Kuomba ukimbizi na kukata rufaa ni bure. Anayedai pesa ili "kuisukuma faili", au anayeuza maelezo yaliyokwisha kuandikwa, anauza hasara. Maelezo hayo huuzwa kwa watu wengi, na wanaosoma rufaa huyatambua.

Kuipeleka na kungoja

Barua ya uamuzi hueleza mahali pa kupeleka rufaa, na kama kuna fomu ya kujazwa, ijazwe na barua iambatishwe nayo. Tengeneza nakala mbili. Moja ibaki ofisini, na ya pili igongwe muhuri wenye tarehe ya kupokelewa, urudi nayo. Peleka nakala za vyeti, si vyeti vyenyewe. Vile vya asili vionyeshwe tu vikiombwa.

Nakala yenye muhuri ni ya kutembea nayo. Sheria inamruhusu aliyeomba ukimbizi, pamoja na familia yake, kubaki nchini hadi ombi na rufaa vitakapoamuliwa. Akisimamishwa na polisi, karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba kesi yake bado ipo. Asiye na karatasi anaweza kushtakiwa kwa kuwa nchini bila kibali, hata kama rufaa yake ni ya haki.

Kama siku 30 zimekwisha pita, usikate tamaa wala usibadilishe tarehe uliyopokea uamuzi. Peleka rufaa upesi pamoja na aya moja inayoeleza ni kwa nini umechelewa, siku kwa siku, na ushahidi ulio nao, kama vile karatasi ya kulazwa hospitali. Kamati inaweza kuikataa, lakini haiwezi kuipima sababu ambayo haikuiona.

Kamati inaweza kumwita mwombaji ahojiwe upya. Siku hiyo asikariri barua. Aisome usiku wa kuamkia mahojiano, kisha ajibu anachoulizwa, na asipoelewa swali aseme hajaelewa. Kamati ikikataa, bado kuna Mahakama Kuu, ambayo ina makao hapa Kisumu pia. Huko nako muda una mipaka, na hoja ni za sheria zaidi kuliko za maisha, kwa hiyo mwenye barua amwone wakili siku anayopokea uamuzi, akiwa na faili lake lote: fomu, barua ya kukataliwa, rufaa yenye muhuri, na bahasha iliyoandikwa tarehe kwa mkono.